Nimeombwa kuwa mwenyekiti wa harambee ya zahanati kijijini, kazi hainiruhusu. Nikataeje bila kuonekana nimekimbia?

Mpanda_Uru (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni kiongozi wa misafara Mlima Kilimanjaro, nyumbani Uru. Kijiji chetu kimepandisha boma la zahanati kwa nguvu za wananchi, mchanga na kokoto tumesomba wenyewe kwa msaragambo, sasa limefika kwenye lenta. Zinatakiwa mbao, bati, milango na sakafu. Harambee imepangwa tarehe 27 Desemba, watu wakiwa wamerudi kwa Krismasi.

Jumapili mzee mmoja, rika la marehemu baba, amenisimamisha baada ya ibada akasema wamekaa wakaona mwenyekiti wa kamati niwe mimi. Nimemjibu, "Nimesikia mzee, nipe siku chache."

Shida ni kwamba Desemba ndiyo kazi yenyewe. Nina msafara wa Machame wa tarehe 17 hadi 23, halafu tarehe 26 naingia Lemosho siku 8, wageni wanataka alfajiri ya Januari mosi iwakute kileleni. Siku ya harambee nitakuwa kambi ya Shira. Zahanati naitaka kwa moyo wote, mama yangu akiugua tunamteremsha mpaka Moshi mjini. Nataka kusaidia, ila uenyekiti siuwezi. Nimwambieje mzee wa namna ile?

Kijana_wa_Soweto
Mkuu, hiyo sababu haina mashiko. Mlimani kuna intaneti tangu 2022, mpaka kileleni. Vikao ingia kwa simu, siku ya harambee piga video kutoka Shira, watu watashangilia na michango itapanda. Kubali.

Mama_Kadi
Pole kaka. Kadi za michango siku hizi zimezidi, mwezi huu nimeletewa za harusi na za kipaimara mpaka nimechoka. Mimi huwa napokea, natoa elfu kumi, ukumbini siendi. Hawakuulizi kitu.

Kilewo_wa_Njiro
@Mama_Kadi dada, soma tena. Hajaletewa kadi, ameambiwa awe mwenyekiti wa hao wanaogawa kadi 😄

Mama_Kadi
Aisee! Basi hapo pagumu. Nakaa pembeni nasoma.

Gari_la_Wageni
@Kijana_wa_Soweto umesema nusu tu. Intaneti ilizinduliwa Horombo Agosti 2022, na kileleni Desemba ya mwaka ule ule. Horombo iko njia ya Marangu. Yeye amesema Lemosho, anapandia upande wa magharibi kabisa. Kule kuna sehemu unapata mtandao ukisimama juu ya jiwe fulani, na wingu likishuka unapotea.

Halafu hata ukiwepo, kiongozi wa msafara jioni hana nafasi ya kikao. Anapita hema kwa hema na kipima oksijeni, anambana kila mgeni kidole, anaandika, anauliza nani ametapika, nani hajala. Usiku wa kilele wanaondoka Barafu kwenye saa sita. Sasa hapo katikati mweka hazina anapiga simu kuuliza bei ya bati?

Kijana_wa_Soweto
Nimekuelewa mkuu, hilo la Lemosho nilikuwa silijui. Ila vikao vya Oktoba na Novemba si anaweza?

Mhazini_Mwika
Nimekuwa mweka hazina wa kamati za namna hii tangu watoto wangu wako shule ya msingi, sasa nina wajukuu. Nitaeleza kidogo, maana watu wengi wanadhani kazi ya mwenyekiti ni ile siku ya kushika kipaza sauti.

Kazi iko mahali patatu. Kwanza barua na kadi zinatoka na jina lake. Mtu wa Dar akipokea kadi haangalii zahanati, anaangalia jina lililo chini, kisha anampigia huyo huyo. Pili ni saini. Akaunti ya kamati kwa kawaida ina watia saini watatu, na hela haitoki bila wawili. Mmoja akiwa mlimani wiki nzima na mwingine akiugua, fundi anasimama. Tatu, ambalo ndilo zito, ni ahadi. Siku ya harambee watu wanatoa kidogo mkononi na wanaahidi kingi. Kuanzia Januari mpaka Pasaka mwenyekiti ndiye anayewafuata.

Kamati yangu ya mwisho tulitangaziwa milioni 24 jukwaani, watu wakacheza. Fedha taslimu ilikuwa milioni 9 na kitu. Zile 15 tulizifukuzia mpaka mwezi wa sita tukapata kama 8. Waliozileta waliletwa na simu za mwenyekiti, si za katibu. Mtu humwogopa mwenyekiti kwa sababu yeye ndiye aliyemshukuru mbele ya watu.

Kwa hiyo @Kijana_wa_Soweto, vikao vya Oktoba na Novemba ni sehemu nyepesi. Mwenyekiti akikosekana Desemba hadi Machi, kamati haina mwenyekiti. Huyu kijana anafanya vizuri kukataa sasa.

Mangi_Mdogo
Shikamoo mama. Hapo kwenye ahadi umenigusa. Kwetu kuna mtu aliahidi mifuko 100 ya saruji mbele ya mgeni rasmi, mpaka leo akiona gari la mwenyekiti anachepuka kwenye migomba.

Mpanda_Uru
Shikamoo mama Mwika, asante sana. Saini sikuwa nimeifikiria kabisa. Nimeandika hivi, naomba mnirekebishe kabla sijaenda:

"Shikamoo mzee. Nashukuru sana kwa heshima mliyonipa, najua wapo wengi wanaofaa kuliko mimi. Kwa sasa kazi imenibana sana na mambo ni mengi, kwa hiyo naona nitashindwa kuifanya vizuri kazi ya uenyekiti. Naomba mnisamehe sana. Lakini tupo pamoja, nipo tayari kusaidia kwa lolote mtakaloona linafaa."

Mhazini_Mwika
Marahaba mwanangu. Umeandika kwa adabu, ila ukimpelekea hivyo utarudi nyumbani ukiwa mwenyekiti.

Ukisema "kwa sasa", atakuambia basi tutasubiri, au tutaanza na katibu wewe utakuja. "Kazi imenibana" haimwambii kitu, kila mtu kazi imembana, hata yeye ana shamba. Mpe tarehe: tarehe 17 hadi 23 niko mlimani, tarehe 26 hadi 2 Januari niko mlimani, harambee ni tarehe 27. Hapo hahitaji kukuamini, anahesabu mwenyewe.

Lile la mwisho ndilo baya kuliko yote. Ukisema uko tayari kwa lolote, yeye anachagua, na atachagua kubwa. Chagua wewe. Taja jambo moja, lenye mwanzo na mwisho, ambalo likiisha linaonekana limeisha.

Baba_Wawili_Sakina
Naongezea kwa mama. Usimwambie "wapo wengi wanaofaa". Atakuuliza nani, ukitaja jina umemtwisha mwenzako bila kumuuliza, na ndugu huyo akisikia mtagombana.

Kilewo_wa_Njiro
Mimi naona mnamfundisha ukali usio wa kwetu. Mzee wa rika la baba huwezi kumwendea na ratiba kama mkaguzi wa hesabu. Kule juu mtu anapelekewa mjumbe. Atafute baba mdogo au mama mkubwa akamsemee, na aende na kitu mkononi. Mzee akikataliwa na mtu mzima mwenzake haumii. Akikataliwa na kijana anaona amevunjiwa heshima.

Mhazini_Mwika
Kilewo, mjumbe ni kwa ugomvi au posa. Mzee alikuja mwenyewe kwa miguu yake akasema naye ana kwa ana. Ukimtumia mtu, atauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Na yule mjumbe naye ataahidi jambo kwa niaba yako ili kikao kiishe vizuri.

Kilewo_wa_Njiro
Hilo la mjumbe kuahidi ni kweli, limenitokea. Bado nasema asiende peke yake.

Gari_la_Wageni
Mnajadili namna ya kukataa, hamjauliza kwa nini wamemtaka yeye. Mimi nina hakika ni mfuko. Watu wanaona kiongozi wa msafara analipwa bakshishi kwa dola, wanajua mwenyekiti ndiye anayefungua harambee na hawezi kufungua kwa elfu hamsini. Uenyekiti ni namna ya kumwomba milioni kwa heshima.

Baba_Wawili_Sakina
Si lazima iwe hivyo. Inawezekana ni watu anaowajua. Nusu ya vijana wa Uru walioko Arusha wako kwenye utalii, na yeye anawafahamu.

Mndee_Asiyelala
Au kamati iliyopita iliacha hesabu zisizoeleweka, wanatafuta jina safi la kuweka juu. Kwetu ilikuwa hivyo. Aliyetangulia hakusoma mapato na matumizi, wakamchagua mwalimu anayeheshimika, mwaka mzima akawa anajibu maswali ya fedha asizozijua. @Mpanda_Uru uliza hesabu za boma ziko wapi.

Mpanda_Uru
Hesabu za boma zilisomwa mkutano wa kijiji, nilikuwepo, hakuna malalamiko. Mfuko au watu, sijui. Labda vyote. Mzee mwenyewe alisema, "Wewe ukiita watu wanaitika."

Mangi_Mdogo
Hapo umepewa jibu mkuu. Wanataka uite watu. Kuita watu si lazima uwe mwenyekiti.

Mpanda_Uru
Ndicho ninachokifikiria. Novemba mvua za vuli zikianza wageni hupungua, nina kama wiki mbili niko nyumbani. Naweza kuchukua kadi 20 za watu wa kijiji chetu walioko Arusha kwenye kampuni za utalii, niwafikie mmoja mmoja, na tarehe 30 Novemba nirudishe daftari: nani kapokea, nani kaahidi nini, nani kalipa. Na wiki ya pili ya Novemba kuna msaragambo wa kusomba mbao, nitakuwepo.

Mhazini_Mwika
Hilo ni zuri, na kwa kamati lina maana kuliko mwenyekiti asiyeonekana. Ila nakuomba jambo moja: hela isipite kwenye simu yako hata kidogo.

Najua mlimani unashika fedha za watu, mishahara ya wapagazi na bakshishi zao. Zikichanganyika na michango kwenye simu moja utapotea. Mtu atakutumia elfu hamsini siku unayoingia geti, wewe unashuka baada ya wiki, katibu hajaandika, yule mtu akiulizia kijijini anaambiwa hajatoa. Hapo linaanza neno. Kadi iandikwe namba ya akaunti ya kamati. Mtu akilipa, akutumie wewe ujumbe wa muamala tu, upeleke kwa mweka hazina, yeye akate stakabadhi na abaki na kishina. Akikupa noti mkononi, mwambie aende kwa wakala mbele yako.

Kijana_wa_Soweto
Na wasiokuwa na muda wa kwenda kwa wakala?

Mhazini_Mwika
Hao hawana muda wa kulipa, mwanangu.

Mama_Kadi
😂 Nimerudi kwa ajili ya hiyo.

Baba_Wawili_Sakina
Swali moja. Mchango wake mwenyewe autoe lini? Mimi ningeupeleka siku ile ile ya kukataa. Mzee aone kwamba hakwepi kutoa.

Gari_la_Wageni
Nakukatalia. Ukikataa na kutoa hela papo hapo unaonekana unajinunua. Na wanaanza kupiga hesabu: kama kutokuwa mwenyekiti ametoa laki tatu, angekuwa mwenyekiti angetoa ngapi?

Mhazini_Mwika
Nimeona yote mawili yakifanya kazi na yote mawili yakiharibika. Inategemea mzee. Mimi ningetoa kwenye zile kadi 20, jina langu liwe la kwanza kwenye daftari, maana huwezi kumwambia mtu atoe wakati mstari wa juu uko mtupu.

Mndee_Asiyelala
Tukiwa kwenye fedha, nyie mnaochangisha kuna kibali? Nilisikia serikali ilizuia michango.

Kilewo_wa_Njiro
Uliyosikia ni ya shule. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni kwa sababu watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani. Hapa ni zahanati, na boma limeanzishwa kwa mkutano wa kijiji. Lakini mtendaji ajulishwe kwa barua kabla kadi hazijatoka, asije akaisikia harambee kwa watu.

Mpanda_Uru
Wakuu, nimerudi. Jana jioni nimeenda kwa mzee, nimefuata ushauri wa Kilewo nusu: nimeongozana na baba mdogo, ila nimesema mwenyewe. Tumekaa uani, amenikaribisha mbege, tukaongea ya migomba kwanza. Kisha nikamwambia hivi:

"Mzee, nimekuja kukujibu. Uenyekiti sitauweza. Siku ya harambee niko Shira na wageni, na tarehe 17 mpaka 23 niko Machame. Januari na Februari ni hivyo hivyo, sitaweza kufuatilia ahadi. Nisingependa jina langu liwe kwenye barua halafu watu wakinipigia wasinipate. Ninachoweza ni kadi 20 za vijana wetu wa Arusha, na nitazirudisha na daftari tarehe 30 Novemba."

Akanyamaza. Baba mdogo alitaka kuongea, nikamgusa mguu. Mzee akasema, "Basi uwe makamu."

Mangi_Mdogo
Wazee wetu jamani! Ukajibuje?

Mpanda_Uru
Nikamwambia makamu ndiye mwenyekiti siku mwenyekiti hayupo, na siku zenyewe mimi ndiye nisiyekuwepo. Akacheka kidogo. Akauliza kama kadi zinaweza kuwa 30. Nikasema 20 ndizo nitakazozimaliza. Akasema sawa, zitafutwe. Tukaachana vizuri, alinisindikiza mpaka barabarani.

Ila leo asubuhi kwenye kundi la WhatsApp la kijiji imewekwa orodha ya kamati. Mwenyekiti ni mama mmoja, muuguzi mstaafu, amefaa sana. Chini kabisa wameandika: Mlezi wa kamati, na jina langu.

Gari_la_Wageni
Nilisema ni mfuko. Mlezi ndiye anayetazamiwa kutoa kubwa bila hata kuhudhuria kikao.

Kilewo_wa_Njiro
Hapana, ni heshima. Mzee ameona ukiondoka mikono mitupu watu watasema umekataa kijiji, amekupa pa kusimama. Liache jina, halina kazi.

Mhazini_Mwika
Halina kazi mpaka lipigwe chapa kwenye kadi. Mwanangu, usilijibu kwenye kundi, utamwaibisha mzee mbele ya watu. Mpigie yule mama mwenyekiti leo, kabla kadi hazijaenda kwa mpiga chapa. Mpe hongera, mwambie umebeba kadi 20, na muombe kwenye kadi yabaki majina matatu tu, ya wanaopatikana kwa simu Desemba: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Muuguzi atakuelewa, anajua maana ya zamu. Na muulize pia kama umewekwa kwenye saini za akaunti. Hilo usilikisie.

Baba_Wawili_Sakina
Na kwenye muhtasari je? Walezi wakishaandikwa huko, mwakani wanaitwa tena.

Mhazini_Mwika
Muhtasari usomwe kikao kijacho, uandikwe kwamba anaratibu kadi za Arusha hadi 30 Novemba. Ulezi wakiubakiza humo, mimi nisingegombana. Kilewo anaweza kuwa yuko sahihi kuhusu mzee.

Kilewo_wa_Njiro
Leo mvua itanyesha, mama Mwika amekubaliana nami.

Mpanda_Uru
Nimempigia mama mwenyekiti. Kwenye saini simo. Kadi anazipeleka kupigwa chapa Ijumaa, majina yatakuwa matatu. La ulezi amesema hilo niongee na mzee mwenyewe, yeye haligusi. Sijaamua. Asanteni wote.

Kama kuna mtu wa Uru humu yuko Arusha kwenye utalii, anitafute inboksi, nipange mzunguko wa Novemba.

Dereva_wa_Ngarenaro
Mama yangu mzazi ni wa Uru, mimi nimezaliwa huku. Niandikie bati tano. Kadi niletee stendi ndogo, niko pale mchana nikiwa sina safari.

Mpanda_Uru
Nimeandika kaka. Wewe ni wa pili kwenye daftari. Geji 28, kamati ndiyo waliyokubaliana na fundi. Ukipenda kutoa kwa fedha, namba ya akaunti itakuwa kwenye kadi.

Mangi_Mdogo
Wa kwanza nani?

Mhazini_Mwika
Wa kwanza ni yeye mwenyewe, si tumeshasema. Wewe Mangi, yule wa mifuko 100 mlishampata?

Mangi_Mdogo
Mama, bado yuko kwenye migomba.